Programu inasema nina hisa 2,000, hifadhi kuu inaonyesha 1,200

Ndugu Mshauri,

Nilinunua hisa 1,200 za kampuni moja kupitia dalali wangu siku ya Alhamisi. Fedha zilikatwa siku hiyohiyo na hisa zikaonekana kwenye programu ya dalali dakika ileile. Jumatatu iliyofuata kampuni ilifunga daftari lake kwa ajili ya gawio. Gawio limeshalipwa, lakini mimi sijapata kitu.

Baadaye niliongeza hisa 800 za kampuni hiyohiyo. Programu inaniambia nina 2,000. Mwezi umepita, nikaomba taarifa moja kwa moja kutoka hifadhi kuu ya dhamana, nayo inaonyesha 1,200 tu. Dalali ananijibu, "Hizo 800 ziko kwenye akaunti yetu ya pamoja, usiwe na wasiwasi." Nakuambatanishia hati za miamala yote miwili. Je, nimeibiwa? Na dalali huyu akifilisika kesho, hisa hizo ni za nani?

Msomaji mwenye wasiwasi

*

Ndugu msomaji,

Kwenye gawio hukuibiwa. Kwenye hizo 800 bado hakuna anayeweza kukuhakikishia lolote, na jibu ulilopewa na dalali halitoshi. Nianze na gawio, kwa sababu ukilielewa hilo utajua pia pa kuzitafuta hisa zako.

Ile Alhamisi ulipobonyeza kitufe cha kununua, kilichotokea sokoni ni makubaliano. Oda yako ilikutana na oda ya muuzaji, bei ikafungwa, dalali akakutolea hati ya muamala. Kuanzia dakika hiyo bei haiwezi kubadilika na hakuna kati yenu anayeruhusiwa kurudi nyuma, lakini hisa zenyewe hazijahama. Hali yako ni ya mtu aliyesaini mkataba wa kununua kiwanja huku hati ikiwa bado na jina la mwenye kiwanja wa zamani. Programu ya dalali ilikuonyesha mkataba huo kana kwamba hati imeshabadilishwa jina. Programu nyingi hufanya hivyo kwa sababu wateja hupenda kuona ununuzi wao papo hapo, na mimi naona ni tabia mbaya, maana inaficha siku ambazo ni muhimu kuliko zote.

Hati yako ya kwanza ina tarehe mbili. Ya juu ni siku ya muamala, Alhamisi. Ya chini ni siku ya kukamilisha, Jumanne. Soko lako linafuata utaratibu unaoandikwa T+3, yaani muamala hukamilishwa siku ya tatu ya kazi baada ya kufungwa. Ijumaa ni ya kwanza, Jumatatu ni ya pili, Jumanne ni ya tatu, na mwisho wa juma hauhesabiwi. Katika siku hizo madalali wa pande zote mbili huthibitisha idadi, bei na namba za akaunti. Kisha miamala yote ya siku hujumlishwa na kupunguziana, ili dalali aliyeuza 5,000 na kununua 4,000 za kampuni moja akabidhi 1,000 tu. Siku ya kukamilisha ikifika, hifadhi kuu hutoa hisa kwenye akaunti ya muuzaji na kuziingiza kwenye ya mnunuzi, na wakati huohuo benki inayoshughulikia malipo ya soko huhamisha fedha kwenda upande wa pili. Mambo hayo mawili yamefungwa pamoja kwa makusudi. Fedha zisipokuwepo, hisa hazitoki; hisa zisipokuwepo, fedha hazitoki. Hapo ndipo umiliki unapobadilika.

Sasa rudi kwenye gawio. Kampuni ilipofunga daftari Jumatatu jioni ilisoma majina yaliyokuwa kwenye hifadhi kuu saa hiyo. Jina lako lilikuwa bado halijaingia, lingeingia kesho yake. Lililokuwepo ni la muuzaji, naye ndiye aliyelipwa. Ili uwemo humo Jumatatu ungepaswa kununua Jumatano. Alhamisi ilikuwa siku ya kwanza ya hisa kuuzwa bila gawio, na soko hutangaza siku hiyo mapema. Kwa kawaida bei hufunguka ikiwa chini kwa kiasi kinachokaribiana na gawio, kwa sababu kila mnunuzi wa siku hiyo anajua kwamba hatalipata. Kwa hiyo ulichokosa kwenye gawio huenda ulikipata kwenye bei, ingawa soko lina misukumo mingine na tofauti hiyo huwa haionekani waziwazi.

Kama soko lako lingekuwa la T+2, ununuzi wako uleule wa Alhamisi ungekamilika Jumatatu na gawio lingekuwa lako. Masoko mengi yamekuwa yakifupisha muda huu. Marekani ilikuwa na siku tano hadi 1995, ikashuka hadi tatu, kisha mbili mwaka 2017, na tangu Mei 28, 2024 ni siku moja. India ilimaliza kuhamia siku moja Januari 2023. Sababu kubwa ni kwamba kila siku inayopita kati ya makubaliano na makabidhiano ni siku ambayo mmoja wa wahusika anaweza kufilisika akiwa bado anadaiwa.

Lipo jambo moja tu ambalo lingekupa haki ya kudai gawio hilo: kama ungekuwa umenunua Jumatano au kabla, halafu muuzaji akachelewa kukabidhi. Hapo hisa zingekuwa zimeuzwa pamoja na gawio, na dalali wako angewajibika kulifuata kwa upande wa muuzaji. Hati yako inaonyesha Alhamisi, kwa hiyo hapo hakuna dai.

Tuje kwenye hizo 800, na hapa nakuomba usome polepole.

Hifadhi kuu ndiyo daftari la umiliki. Zamani daftari lilikuwa rundo la vyeti vya karatasi vilivyobebwa mkononi kutoka ofisi hadi ofisi. Mwaka 1968 karatasi hizo zililemea masoko ya New York kiasi kwamba biashara ilisimamishwa siku za Jumatano ili makarani wapate nafasi ya kupunguza malimbikizo. Kutokana na fundisho hilo, mwaka 1973 ilianzishwa hifadhi iitwayo DTC, na vyeti vikaanza kukaa mahali pamoja huku umiliki ukihama kwa maandishi ya kitabuni. Masoko mengine yalifuata njia hiyo, na mengi sasa hayana cheti cha karatasi kabisa. Lililomo kwenye hifadhi ndilo lililopo.

Ila si kila hifadhi huandika jina la mwenye hisa wa mwisho. Ipo mifumo miwili. Katika wa kwanza, kila mwekezaji ana akaunti yake ndani ya hifadhi kwa jina lake. Dalali ni mtu wa kuiendesha tu, anapeleka maagizo. India iko hivyo. Katika wa pili, hifadhi inamtambua dalali au benki, na jina la mteja linabaki kwenye vitabu vya dalali. Marekani sehemu kubwa iko hivyo: hisa zilizoko DTC huandikwa kwenye madaftari ya kampuni kwa jina la wakala wa DTC aitwaye Cede & Co., na chini yake kuna orodha za madalali, na chini ya madalali ndiyo kuna wateja. Mifumo yote miwili ni halali, na yapo masoko yanayoruhusu yote kwa pamoja.

Ndiyo maana siwezi kusema dalali wako anadanganya anapotaja akaunti ya pamoja. Kinachonisumbua ni kwamba zile 1,200 ziko kwenye akaunti yenye jina lako. Hiyo ina maana ulifunguliwa akaunti binafsi kwenye hifadhi, na hapo ndipo ununuzi wako wa pili ulipaswa kuingia, isipokuwa uwe ulisaini maelekezo tofauti. Hisa za mteja mmoja, za kampuni moja, kupitia dalali mmoja, haziendi sehemu mbili bila mtu kuamua hivyo. Ninaona maelezo matatu yanayowezekana, na kila moja lina alama yake.

La kwanza ni kwamba muamala haukukamilika. Muuzaji hakuwa na hisa siku ya kukabidhi, labda aliuza asichokuwa nacho, labda dalali wake alikosea namba ya akaunti. Hutokea hata kwenye masoko makubwa. Umoja wa Ulaya tangu Februari 2022 unatoza faini ya kila siku kwa anayechelewesha. Kwa kawaida soko huwa na njia ya kulimaliza jambo hili, ama kwa kununua hisa hizo sokoni kwa gharama ya aliyeshindwa, ama kwa kumlipa mnunuzi fidia ya fedha. Alama yake ni kwamba dalali hawezi kukupa namba ya kumbukumbu ya ukamilishaji, kwa sababu haipo. Hati ya muamala peke yake si ushahidi, maana hutolewa siku ya makubaliano, kabla makabidhiano hayajajaribiwa. Na kuchelewa huku huhesabiwa kwa siku. Wewe umeshafikisha mwezi, kwa hiyo kama sababu ndiyo hii, dalali alipaswa kukwambia zamani.

La pili ni kwamba hisa kweli ziko kwenye akaunti ya pamoja. Basi dalali ana vitu viwili anavyoweza kukuonyesha leo: namba ya akaunti hiyo kwenye hifadhi, ambayo lazima iwe imeandikwa kuwa ni ya wateja na si mali ya dalali mwenyewe, na ukurasa wa kitabu chake cha ndani unaokuonyesha wewe ukiwa na 800 humo. Jumla ya wateja wote kwenye kitabu hicho inatakiwa ilingane na idadi iliyoko kwenye hifadhi kila siku ya kazi. Dalali makini hulinganisha kila asubuhi na hupata tabu kidogo sana kukujibu.

La tatu ndilo ninaloliogopa. Hisa zilinunuliwa, zikaingia, kisha zikatumika. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Karvy, kampuni ya udalali ya India. Novemba 2019 mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo, SEBI, iliizuia kupokea wateja wapya baada ya kubaini kuwa ilizihamisha hisa za wateja kwenye akaunti yake yenyewe kwa kutumia hati za uwakilishi walizosaini wateja hao, kisha ikaziweka rehani kwa wakopeshaji ili kupata fedha. Wateja walikuwa wakiona hisa zao kwenye taarifa za dalali kama kawaida. Waliookolewa waliokolewa na daftari: hifadhi iitwayo NSDL iliweza kufuatilia hisa zilikotoka, na mapema Desemba mwaka huo ikazirudisha kwenye akaunti za wateja zaidi ya 80,000. Wakopeshaji hawakukubali, wakaenda kwenye vyombo vya sheria. Baadaye India ilibadilisha utaratibu, rehani ikawa inaandikwa ndani ya akaunti ya mteja kwenye hifadhi badala ya hisa kuhamia kwa dalali.

Kwa hiyo rudi kwenye fomu ulizosaini ulipofungua akaunti na utafute hati ya uwakilishi, au kifungu kinachomruhusu dalali kukopesha au kuweka rehani dhamana zako. Kama ulifungua akaunti ya kununua kwa mkopo wa dalali, kifungu hicho huwemo karibu kila mara. Idhini ya kupeleka hisa sokoni unapouza ni ya kawaida. Idhini ya kuzihamishia popote kwa sababu yoyote unaweza kuifuta kwa maandishi, na ningekushauri uifute.

Kuhusu kufilisika, jibu linategemea hisa zimelala wapi usiku huo. Zile 1,200 zilizo kwa jina lako kwenye hifadhi haziguswi na wadai wa dalali. Mfilisi hana mamlaka nazo. Utachagua dalali mwingine na kuomba hifadhi ikuunganishe naye, hisa zikibaki palepale. Zile 800, kama kweli ziko kwenye akaunti ya pamoja ya wateja, ni zako pia, ila kwa pamoja na wenzako. Tuseme kitabu cha dalali kinasema wateja wana 10,000 humo na hifadhi ikakutwa na 9,000. Katika sheria za nchi nyingi pengo hilo mnagawana, kila mmoja apate sehemu tisa za kumi, na wewe upate 720, hata kama aliyesababisha pengo ni mtu usiyemjua. Kama zimewekwa rehani, utabishana na mkopeshaji. Na kama muamala haukukamilika, huna hisa. Unacho ni dai la fedha.

Fedha ndizo dhaifu kuliko vyote. Zile zilizokatwa siku ya ununuzi zilipaswa kukaa kwenye akaunti ya benki ya wateja, mbali na fedha za dalali, hadi siku ya kukamilisha. Nchi nyingi zina mfuko wa fidia kwa wateja wa madalali walioanguka, lakini mfuko huo una kikomo chake na haulipii hasara ya bei kushuka.

Wawekezaji wakubwa, kama mifuko ya pensheni, huepuka jambo hili kwa kumweka mtunza dhamana, kwa kawaida benki, ambaye hushika hisa na fedha na kukamilisha miamala, huku dalali akibaki na kazi ya kununua na kuuza tu. Dalali hagusi kitu. Kwa mwenye hisa 2,000 gharama yake hailipi, lakini akaunti ya jina lako kwenye hifadhi inakupa sehemu kubwa ya ulinzi huohuo, na tayari unayo.

Hivi ndivyo ningefanya wiki hii. Mwandikie dalali, kwa barua pepe na si kwa simu:

"Naomba mnijulishe kwa maandishi, kuhusu ununuzi wangu wa hisa 800: tarehe ulipokamilika, namba ya kumbukumbu ya ukamilishaji, na namba na jina la akaunti ya hifadhi ambako hisa hizo ziko leo. Pia naomba zihamishiwe kwenye akaunti yangu binafsi kwenye hifadhi kuu."

Sentensi ya mwisho ndiyo kipimo chenyewe. Kuhamisha hisa kutoka akaunti ya pamoja kwenda ya mteja ni agizo moja, hakuna mauzo wala mnunuzi, na huchukua siku chache. Dalali aliye nazo atazihamisha na pengine kukutoza ada ndogo. Asiye nazo ataanza kutoa sababu: mfumo una tatizo, mhusika yuko likizo, subiri gawio lijalo.

Usijaribu kumpima kwa kuziuza. Najua ni jambo la kwanza linalokuja akilini, na dalali mwenyewe anaweza kukupendekezea. Ukiuza, anaweza kukulipa kwa fedha za mteja mwingine na hutajua lolote kuhusu hisa zako; na asipokulipa, utakuwa umebadilisha dai la hisa, lenye nguvu, kuwa dai la fedha. Usinunue kitu kingine kupitia kwake pia mpaka jambo hili liishe.

Mpe siku tano za kazi. Akikaa kimya au akijibu bila namba ulizoomba, peleka barua hiyo pamoja na hati ya muamala na taarifa ya hifadhi kwa kitengo cha malalamiko cha hifadhi kuu, na nakala kwa mamlaka ya masoko ya mitaji. Hifadhi inaona akaunti zote za dalali na inaweza kujua ndani ya muda mfupi kama hisa 800 ziliwahi kuingia na zilikwenda wapi. Ukiwa unawasiliana nao, hakikisha namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa kwenye akaunti yako ni zako mwenyewe. Kuna madalali huandika za ofisi yao wakati wa kufungua akaunti, na matokeo yake ujumbe wa kila hisa inayoingia au kutoka humfikia dalali peke yake.

Hisa zikishahamishwa, omba taarifa mpya kutoka hifadhi, si picha ya programu. Usitazame jumla peke yake. Taarifa nyingi hutenganisha hisa zilizo huru na zilizozuiwa, iwe kwa rehani au kwa agizo la kuuza ambalo halijakamilika. Zote 2,000 ziwe upande wa zilizo huru. Hata kama ni 10 tu zimeonekana upande wa pili na wewe hukuweka oda yoyote ya kuuza, uliza siku hiyohiyo ni nani aliyeomba zizuiwe na kwa karatasi ipi.